Bunge likiahirishwa, mauzo yako yanaweza kushuka mpaka wapi?

Mwenye mgahawa, gesti au duka la vinywaji hapa Dodoma anaijua kalenda ya Bunge hata kama hajawahi kuukanyaga ukumbi wake. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Wiki hizo mji unajaa: madereva, waandishi wa habari, maofisa walioitwa na kamati, wageni waliokuja kufuatilia mambo yao wizarani. Mikutano mingine ya mwaka ni mifupi. Bunge likishaahirishwa, saa saba mchana unaweza kuona viti vitupu ambavyo wiki iliyopita watu walikuwa wanavigombania.

Wafanyabiashara wenzangu wengi wakishika kalamu huuliza watapata faida kiasi gani. Mimi naona swali linaloamua kama utafungua mlango mwakani ni hili: mauzo yakianza kushuka, yanaweza kushuka mpaka wapi kabla sijaanza kula mtaji? Jibu lake linapatikana kwa hesabu fupi inayoitwa kiwango cha usalama. Ni hesabu rahisi kuifanya, na ni rahisi vilevile kuisoma vibaya, ndiyo maana nataka kuieleza taratibu kwa mfano mmoja.

Mimi na dada yangu tunaendesha mgahawa wa chakula cha mchana upande wa Kisasa. Yeye anashika jiko na soko, mimi nashika daftari. Nitatumia hesabu za mgahawa wetu, nikizizungusha ili zisomeke vizuri.

Sahani yetu, ukichanganya wali nyama, ugali samaki, kuku na maharage, inauzwa kwa wastani wa shilingi 5,000. Kila sahani inayotoka inakula shilingi 3,000 za mchele, unga, nyama, mafuta, mboga, mkaa na gesi. Hizo ni gharama zinazobadilika: ukiuza sahani nyingi zinapanda, ukiuza chache zinashuka. Zinabaki shilingi 2,000, na huo ndio mchango wa sahani moja katika kulipia mambo ambayo lazima yalipwe hata usipouza kitu. Kwetu mambo hayo kwa mwezi ni pango shilingi 600,000, mishahara ya watu watano shilingi 1,350,000, umeme na maji 200,000, taka, ulinzi na leseni 100,000, riba ya mkopo 50,000, na uchakavu wa friji, majiko na viti 100,000. Jumla ni shilingi 2,400,000.

Gawanya 2,400,000 kwa 2,000, unapata sahani 1,200. Tukiuza sahani 1,200 kwa mwezi, yaani shilingi milioni 6, tumerudisha gharama zote bila faida wala hasara. Wastani wetu kwa mwaka ni sahani 1,600 kwa mwezi, sawa na shilingi milioni 8. Tofauti kati ya tunachouza na kile kinachorudisha gharama ni sahani 400. Ukizigawa kwa 1,600 unapata asilimia 25. Hicho ndicho kiwango cha usalama:

(mauzo halisi − mauzo ya kurudisha gharama) ÷ mauzo halisi × 100

Kumbuka unagawa kwa mauzo halisi. Nimeona watu wakigawa kwa mauzo ya kurudisha gharama, na kwa hesabu zetu wangepata asilimia 33 na kulala usingizi ambao hawakustahili. Swali letu linaanzia pale tulipo leo na kushuka chini, kwa hiyo kipimo nacho kinaanzia tulipo.

Asilimia 25 inasema sahani zinaweza kupungua kwa robo nzima na bado hatujaingia hasara. Haisemi kwamba tukipoteza asilimia 10 ya wateja tutapoteza asilimia 10 ya faida. Faida yetu kwa mwezi wa wastani ni sahani 400 zilizozidi mara 2,000, yaani shilingi 800,000. Zikipungua sahani 160, ambazo ni asilimia 10 ya mauzo, zinaondoka na shilingi 320,000. Hiyo ni asilimia 40 ya faida. Chukua moja ugawe kwa kiwango chako cha usalama na utaona nguvu ya pigo: kwa robo, kila asilimia moja ya mauzo inayoondoka inabeba asilimia nne za faida. Mwenye usalama wa asilimia 10 anapigwa mara kumi. Watu wawili wanaweza kuwa na faida inayofanana kwa shilingi, lakini aliye karibu na ukingo anatikiswa zaidi na wiki moja mbaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Julai moja dada alinijia na wazo. Wateja wamepungua, jirani ameshusha bei, kwa nini na sisi tusiuze sahani kwa shilingi 4,500 kwa muda? "Mdogo wangu, si umesema tuna asilimia 25? Mimi nakuomba kumi tu." Ukilisikia haraka, ombi lake ni la busara kabisa. Kumi ni ndogo kuliko ishirini na tano.

Tulikaa tukaipiga hesabu pamoja. Sahani ikiuzwa 4,500, mchele na nyama havijui kwamba umeshusha bei. Gharama inabaki 3,000. Mchango unashuka kutoka 2,000 hadi 1,500. Gharama zisizobadilika ni zilezile 2,400,000. Gawanya kwa 1,500: mauzo ya kurudisha gharama yanaruka kutoka sahani 1,200 hadi 1,600. Sahani 1,600 ndizo tunazouza kwa mwezi wa wastani. Punguzo la asilimia 10 limekula usalama wote, bila mteja hata mmoja kuondoka.

Dada alinyamaza, kisha akauliza swali zuri kuliko langu: "Basi wateja wangapi waongezeke ili turudi tulipokuwa?" Ili tupate ile faida ya 800,000 kwa bei mpya, tunahitaji mchango wa jumla shilingi 3,200,000. Gawanya kwa 1,500 na unapata sahani 2,134. Ni ongezeko la theluthi moja, mwezi ambao wenyewe watu wamepungua mjini.

Kwa hiyo kiwango cha usalama kinajibu swali moja tu: idadi ya unachouza ikishuka, bei na gharama zikibaki zilivyo, una nafasi kiasi gani. Bei ikishuka, nafasi ni nyingine, na karibu kila mara ni finyu zaidi. Kuipata zidisha kiwango cha usalama kwa uwiano wa mchango katika bei. Sisi mchango ni 2,000 katika 5,000, yaani asilimia 40. Asilimia 25 mara asilimia 40 ni asilimia 10. Hapo ndipo bei yetu inapogonga sakafu.

Ukitaka kuona jinsi biashara zinavyotofautiana, weka biashara tatu pamoja, zote zikiwa na kiwango cha usalama cha asilimia 25. Gesti, ambayo chumba kikishajengwa mgeni mmoja wa ziada anagharimu kufua mashuka, sabuni na maji, inaweza kuwa na mchango wa asilimia 85. Bei yake ya chumba inaweza kushuka kwa asilimia 21 hivi kabla ya hasara. Mgahawa wetu unaishia 10. Duka la rejareja lenye mchango wa asilimia 12 linaishia asilimia 3. Ndiyo maana gesti za Dodoma zinaweza kushusha bei za vyumba Bunge likiahirishwa na zikaendelea kuishi, wakati duka la jirani likifuata mfano huo kwenye sukari na mafuta linajimaliza. Kuiga punguzo la mtu ambaye mchango wake huujui ni hatari.

Kupanda kwa gharama ya sahani kunafanya kazi ileile. Mchele na nyama vikipanda mpaka sahani ikala 3,500 badala ya 3,000, mchango unabaki 1,500 na tumefika palepale kwenye sahani 1,600. Wateja wakihama kutoka kuku kwenda maharage wiki ya mwisho wa mwezi kabla ya mshahara, idadi ya sahani haionyeshi kitu, lakini mchango wa wastani ukishuka kutoka 2,000 hadi 1,800 tayari unahitaji sahani 1,334 kurudisha gharama, na usalama umebaki asilimia 16 na kitu. Anayehesabu vichwa tu mlangoni hawezi kuliona hilo. Kwa sababu hii mimi naandika kila siku mambo mawili: sahani ngapi zimetoka, na fedha ngapi zimekwenda sokoni na kwenye mkaa.

Hapo kwenye sokoni nikae kidogo, kwa sababu hesabu nzima imesimama juu ya ile shilingi 3,000. Kwa kijiko cha dada, kilo 5 za mchele zinatoa sahani 22 hadi 25. Ukitumia 25 kwenye karatasi wakati mpakuaji anatoa 22, umeshajidanganya kuhusu gharama ya wali. Kuna na ukoko, nyama iliyopungua kwa kuchemka, nyanya zilizooza kwenye tenga. Njia yangu ni kutopima sahani kabisa. Nachukua manunuzi yote ya jiko ya wiki, naongeza akiba ya stoo iliyokuwepo mwanzo wa wiki, natoa iliyobaki mwisho, kisha nagawa kwa sahani zilizouzwa. Zilizouzwa, si zilizopikwa.

Tofauti ya maneno hayo mawili inauma zaidi pale mauzo yanapoanza kushuka. Tunafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo wastani wetu ni kama sahani 62 kwa siku, na za kurudisha gharama ni 46 na kidogo. Sasa chukua Jumatatu ya kwanza baada ya Bunge kuahirishwa. Jiko limepika sahani 62 kama kawaida, wateja wamekuja 48. Kwa hesabu ya kitabuni tuko salama, maana 48 ni zaidi ya 46. Lakini chakula kimeshapikwa chote: shilingi 186,000 zimetoka. Zigawe kwa 48, kila sahani iliyouzwa imebeba shilingi 3,875. Mchango umebaki 1,125, jumla yake siku hiyo ni 54,000, wakati gharama zisizobadilika kwa siku ni zaidi kidogo ya 92,000. Tumepoteza kama shilingi 38,000 siku ambayo hesabu inasema hatukupaswa kupoteza.

Fomula inachukulia kwamba gharama zinazobadilika zinashuka bega kwa bega na mauzo. Jikoni zinashuka baada ya mpishi kuamini kwamba wateja wamepungua, na hilo huchukua siku kadhaa. Dada sasa anaanza kupunguza sufuria wiki ileile ambayo mkutano unafungwa, na sahani zikikaribia kwisha mapema, anaongeza ugali, ambao hauhitaji muda mrefu. Ni heri mteja wa mwisho asubiri ugali kwa robo saa kuliko kubaki na nusu sufuria ya pilau saa kumi jioni.

Jambo lingine ambalo asilimia 25 inaficha ni mwaka wenyewe. Nimesema wastani wetu ni sahani 1,600 kwa mwezi, lakini huo mwezi wa wastani karibu haupo. Aprili, Mei na Juni tunauza kama 2,400 kila mwezi. Miezi mitatu yenye mikutano mifupi inatupa kama 1,600. Miezi sita iliyobaki inakwenda kwa wastani wa 1,200, na Desemba, watu wakishakwenda kwao sikukuu, huwa 950 hivi.

Sasa piga hesabu ya faida mwezi kwa mwezi. Mwaka mzima tunapata shilingi 9,600,000. Kati ya hizo, miezi mitatu ya bajeti inaleta 7,200,000, yaani robo tatu. Miezi ya mikutano mifupi inaleta 2,400,000. Miezi sita inaleta sifuri, na ndani yake Desemba peke yake inapoteza shilingi nusu milioni. Kiwango cha usalama cha Aprili hadi Juni ni asilimia 50. Cha miezi ile sita ni sifuri. Na Desemba kinakuwa pungufu ya sifuri kwa zaidi ya asilimia 26. Asilimia 25 ya mwaka ni kweli kabisa kama hesabu ya mwaka, na haikusaidii kujua utalipaje mishahara tarehe 30 Desemba.

Kwa hiyo kwa biashara yoyote ya mji huu inayotegemea msimu, iwe Bunge, iwe vyuo kufungua na kufunga, iwe mavuno ya zabibu au alizeti vijijini, mimi nashauri kiwango cha usalama kihesabiwe mara mbili. Cha mwaka kinakuambia kama biashara inafaa kuwepo. Cha mwezi mbaya kinakuambia unahitaji kuweka kando kiasi gani katika mwezi mzuri. Kwetu, upungufu wa Desemba ni sahani 250 mara 2,000, yaani shilingi 500,000, na kiasi hicho kinatoka kwenye mauzo ya Juni na kwenda kwenye akaunti nyingine kabla hakijaitwa faida.

Pia miezi hiyo ndiyo wakati wa kugusa gharama zisizobadilika badala ya bei. Tulikubaliana na kijana mmoja wa kuhudumia mezani kwamba Julai, Agosti na Desemba afanye kazi kwa siku anazohitajika na alipwe kwa siku, na miezi ya Bunge arudi kwenye mshahara kamili pamoja na nyongeza. Yeye ana shamba Mpunguzi, kwa hiyo alilipokea bila kinyongo. Mshahara wa 270,000 ukitoka kwenye gharama za lazima, zinabaki 2,130,000, na sahani za kurudisha gharama zinashuka kutoka 1,200 hadi 1,065. Hata ukimlipa siku chache, unaona jinsi ulivyojipatia sahani zaidi ya mia za nafasi bila kugusa bei ya mtu. Linganisha na lile punguzo la shilingi 500, ambalo lingetupeleka sahani 400 upande usiotakiwa.

Bado kuna fedha taslimu. Hesabu ya faida inaingiza uchakavu, ambao hakuna anayekuja kuudai mwisho wa mwezi, na inaacha nje rejesho la mkopo wenyewe, ambalo benki inalidai kwa tarehe. Tulikopa kununua friji na majiko, na tunarejesha shilingi 300,000 kwa mwezi mbali na riba. Chukua 2,400,000, toa uchakavu 100,000, ongeza rejesho 300,000: unapata 2,600,000. Gawanya kwa 2,000, ni sahani 1,300. Usalama wa fedha taslimu umeshuka hadi asilimia 18 na robo tatu.

Halafu kuna sisi wenyewe. Kwenye ile mishahara ya watu watano, mimi na dada hatumo. Kila mmoja anachukua shilingi 200,000 za nyumbani. Hizo ni 400,000 zaidi, jumla inafika 3,000,000, na sahani zinazohitajika ni 1,500. Tukiuza 1,600, usalama uliobaki ni asilimia 6 na robo. Ni mgahawa uleule, mwezi uleule, sahani zilezile. Kwenye karatasi ya faida tunaweza kupoteza sahani 400. Kwenye mfuko tunaweza kupoteza 100, yaani kama sahani nne kwa siku. Kodi ya mapato sijaiingiza, na kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio yanayofuata mauzo, kodi hiyo haingojei uwe na faida.

Mwenye biashara ndogo asiyejilipa kwenye hesabu zake hana kiwango cha usalama, ana karatasi nzuri. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewasaidia akina mama kadhaa kupanga madaftari yao, na karibu kila mmoja alikuwa anajihesabia kazi yake bure, kuanzia saa kumi alfajiri sokoni Majengo hadi usiku akiosha masufuria. Weka malipo yako kwenye gharama zisizobadilika kwanza, hata kama ni madogo, halafu ndiyo uulize mauzo yanaweza kushuka mpaka wapi.

Namba hizi mbili, ya faida na ya mfukoni, zilitusaidia mwenye nyumba alipotuita. Alitaka pango lipande kutoka 600,000 hadi 750,000, lilipwe kwa miezi sita kama kawaida. Ukiangalia kwa hesabu ya faida tu, ungesema linavumilika: gharama zinakuwa 2,550,000, sahani za kurudisha gharama 1,275, usalama unatoka asilimia 25 hadi 20. Lakini kwenye mstari wa mfukoni mahitaji yanafika 3,150,000, sahani 1,575, na usalama unabaki chini ya asilimia 2. Hapo siku mbili za mvua kubwa zinatosha kutuweka chini. Tena malipo ya miezi sita ni shilingi milioni 4 na nusu kwa mpigo, na moja ya tarehe zake ilikuwa Januari, mara tu baada ya Desemba yetu.

Tulikwenda na daftari. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwambia, "Mzee, hatukatai kupanda. Tunaomba iwe 650,000, na tulipe kwa miezi mitatu mitatu, malipo makubwa yawe mwanzoni mwa Aprili." Akauliza kwa nini Aprili. Nikamwonyesha mwezi kwa mwezi, Desemba na Mei kwenye ukurasa mmoja. Aliitazama Desemba kwa muda. "Kwa hiyo mwanangu, nikikubana Januari mnaniachia nyumba?" Nikamjibu kwamba ndiyo, inawezekana kabisa, na kwamba fremu mbili za jirani zimekaa bila mpangaji.

Alikubali malipo ya miezi mitatu. Kwenye bei tulikutana 660,000. Gharama zikawa 2,460,000 na sahani za kurudisha gharama 1,230. Kwenye mstari wa mfukoni ni 1,530, usalama wa asilimia 4 na kidogo. Ni mdogo kuliko ninavyotaka, kwa hiyo tumeamua dada asinunue jiko la pili la gesi mpaka rejesho la mkopo wa kwanza liishe. Likiisha, mahitaji ya mfukoni yatapungua kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, rejesho pamoja na riba yake, sahani zinazohitajika zitashuka hadi 1,355, na hapo tutakaa tena mezani kuona kama nafasi hiyo tuitumie kwa jiko au tuiache ilivyo.